Naomba msaada: umri wa mkaa kwa kaboni 14, tumepata majibu matatu tofauti

Binti_Kidato6
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Nipo kidato cha sita, PCB. Kuna swali limetugawa darasani. Mkaa uliochimbwa kwenye jiko la kale unatoa mivunjiko 11.9 kwa dakika kwa kila gramu ya kaboni. Mti hai unatoa 13.6. Nusu maisha ya kaboni 14 ni miaka 5730. Mkaa una umri gani?

Mimi nimegawanya 11.9 kwa 13.6 nikapata 0.875, yaani asilimia 12.5 imepotea. Kwa kuwa asilimia 50 hupotea kwa miaka 5730, asilimia 12.5 ni robo ya hapo, kwa hiyo miaka 1432. Rafiki yangu katumia kanuni kapata 479. Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 1104. Naomba mnieleze njia yangu inakwama wapi, maana naiona imenyooka kabisa.

Mtu_wa_Msasani
Kariri kanuni mdogo wangu, mtihani hauna muda wa falsafa. Jibu ni 1104.

Mchimba_Mitaro
Marahaba binti. Usikariri kwanza, ijaribu njia yako mwenyewe. Tuseme kweli miaka 1432 inabakiza 0.875. Ikipita mingine 1432, itabaki 0.875 ya hicho kilichobaki, si ya ulichoanza nacho, kwa sababu atomi iliyokwisha kuvunjika haipo tena ya kuvunjika. Zidisha hivyo mara nne, ambayo ni miaka 5730 kasoro kidogo: 0.875 × 0.875 × 0.875 × 0.875 inakupa 0.586. Lakini swali limekwambia baada ya 5730 inabaki 0.5. Kwa hiyo 1432 inajipinga yenyewe.

Oda ya kwanza maana yake ni hiyo tu: kasi ya kuvunjika inafuata wingi wa atomi zilizopo muda huo. Mwanzoni zipo nyingi, zinaondoka kwa kasi, halafu kasi inalegea. Ile 12.5 ya kwanza huondoka upesi kuliko 12.5 zinazofuata, ndiyo maana umri wa kweli lazima uwe chini ya 1432. Hata kabla ya kushika kikokotoo unajua jibu liko upande gani.

```
t = (5730 / 0.693) × ln(13.6 / 11.9)
  = 8268 × 0.1335
  = 1104
```

Rafiki yako kabonyeza `log` badala ya `ln`. Mwambie azidishe 479 yake kwa 2.303 aone inakotua.

Binti_Kidato6
Asante sana kaka! Hilo la kuzidisha mara nne limenifungua macho. Na ya rafiki yangu imetoka 1103, ni kukadiria tu.

Kemia_Safi
Samahani, ila kitabu chenyewe kimekosea. Maabara za kaboni 14 hazitumii 5730, zinatumia 5568. Weka hiyo kwenye kanuni utapata 1073. Huo ndio umri sahihi wa mkaa.

Mchimba_Mitaro
Kemia_Safi, nusu yako nakubali. 5568 ni thamani ya Libby, aliyeanzisha njia hii Chicago miaka ya 1940 na kupata Nobeli mwaka 1960. Baadaye vipimo bora vilisogea hadi 5730, lakini wanasayansi wakakubaliana kuendelea kuandika umri wa maabara kwa 5568 ili tarehe za zamani na mpya zilinganishwe bila kukokotoa upya.

Ila 1073 si umri wa kalenda. Huhesabiwa kurudi nyuma kutoka 1950, ukitoa unapata mwaka 877, na mwaka huo usiuandike popote. Kanuni inachukulia kwamba hewa ilikuwa na kaboni 14 ileile siku zote, na haikuwa hivyo. Kwa hiyo umri wa maabara hupelekwa kwenye mkunjo uliojengwa kwa pete za miti ambazo mwaka wake unajulikana kwa kuhesabu. Pete zile nazo zilipimwa kwa 5568, hivyo kosa la nusu maisha linajifuta lenyewe. 1073 ukiipitisha humo inaangukia karne ya 10 hadi mwanzoni mwa ya 11.

Kwa mtihani, binti, tumia nusu maisha uliyopewa kwenye swali. Basi.

Mzalendo_Ngorongoro
Wakuu, na yule Zinjanthropus wa Olduvai wa miaka milioni 1.75, mfupa wake ulikuwa na mivunjiko mingapi? Mbona hili hatufundishwi?

Mchimba_Mitaro
Hakupimwa kwa kaboni 14, ndugu. Milioni 1.75 ni zaidi ya nusu maisha 300, hakuna kitu kimebaki. Mwisho wa njia hii ni kama miaka 50,000. Olduvai walipima majivu ya volkano kwa potasiamu na argoni, mwaka 1961. Na hata ndani ya hiyo 50,000 uchafu unaharibu. Kitu kikongwe kisicho na kaboni 14 hata chembe, kikiingiwa na kaboni mpya asilimia 1 tu kutoka mizizi au vidole, kitasomeka kama cha miaka 37,000. Ndiyo maana mimi tarehe zote za 35,000 na kuendelea huziangalia kwa jicho la pili.

Mwana_wa_Lamu
Assalaam aleikum. Nyumba ya babu ina boriti za zamani sana. Wazee wengine husema ni za 1750, wengine 1850. Nikikata kipande nipeleke maabara, ugomvi utaisha?

Mchimba_Mitaro
Waaleikum salaam. Usiikate boriti ya babu. Kuanzia katikati ya karne ya 17 hadi 1950 mkunjo unapanda na kushuka kiasi kwamba umri mmoja wa maabara unalingana na vipindi kadhaa vya kalenda. Utarudishiwa jibu lenye 1750 na 1850 zote mbili ndani yake.

Mtafiti_Pwani
Naongeza swali kwa Mchimba. Kwa pwani yetu unatumia mkunjo gani, wa kaskazini au wa kusini? Sisi tunatumia wa kusini.

Mchimba_Mitaro
Mimi huchanganya yote miwili, kwa sababu kaskazi inatuletea hewa ya kaskazini na kusi ya kusini. Kiasi cha mchanganyiko ndicho tunachobishania kila msimu.

Mtafiti_Pwani
Mimea mingi inakua wakati wa masika, na masika upepo umeshageuka. Bado naona wa kusini una uzito zaidi.

Binti_Kidato6
La mwisho wakubwa. Nikichukua mti uliokatwa leo nikaupima, nitapata hiyo 13.6?

Mchimba_Mitaro
Hapana, na umeuliza vizuri. Majaribio ya mabomu ya nyuklia karibu yaongeze maradufu kaboni 14 ya hewa kufikia miaka ya 1960, na moshi wa makaa ya mawe na petroli unaipunguza kwa kuleta kaboni kongwe isiyo na 14. Mti uliokua 1965 ungekupa mivunjiko iliyozidi 13.6, na `ln` ingekupa umri hasi. Kwa hiyo maabara hazilinganishi na mti wa leo. Zina asidi ya okzali maalumu, na kipimo chake hurekebishwa kiwakilishe hewa ya 1950 kama vile mabomu na moshi havikuwahi kuwepo.