Nimekwama ukurasa wa tano: Juma na chenji ya kibandani

Karanga Mbichi: Wakuu, naandika kahadithi ka wanaoanza kusoma. Juma anamsaidia mama kibandani. Mteja ananunua sabuni ya 700, anatoa 2,000. Juma achomoe 1,300. Nikimsomea mwanangu, akifika hapo anaangalia nje. Nifupishe sentensi?

Mwalimu wa Awali: Sentensi hazina shida. Umempa hesabu ya kutoa, na kibandani hakuna anayetoa. Mama muuza anapanda: "mia saba," anaweka mia, "mia nane," anaweka mia mbili, "elfu," anaweka noti ya elfu, "elfu mbili." Sasa, kwa nini 2,000? Weka pipi za 300 na sarafu ya 500. Juma ahesabu "mia nne, mia tano," sarafu mbili za mia mkononi. Mtoto anayejua tatu, nne, tano keshafika.

Jero Tu: Mia mbili? Mpe viberiti, kibanda kwisha kazi 😂

Bi Tandale: Mtoto akariri kutoa kwa kukopa, basi. Mimi nililelewa kwenye duka la mjomba. Nikikosea mia, chai ya jioni sina. Leo hanidanganyi mtu.

Mwalimu wa Awali: Bibie, kukopa kunataka daftari. Mteja kasimama. Karanga, hujanijibu.

Karanga Mbichi: Picha zimeshachorwa. Juma kashika noti ya elfu mbili, simba anaonekana vizuri kabisa. Na elfu mbili ndiyo hela watu wanayokuja nayo, sioni ubaya.

Jero Tu: Picha zitangulie hadithi? Uzi wa kutunga huu. Mchoraji gani huyo? Tuonyeshe huyo simba.

Bi Tandale: Hata mimi nimeshtuka. Na mtoto wa miaka sita kuachiwa droo, wapi?

Karanga Mbichi: Mama yuko pembeni anakaanga mihogo, nimeandika. Mchoraji ni mke wangu. Siku tatu kachora huku kanyonyesha. Mwambieni nyie arudie.

Jero Tu: Aa. Hapo nimeamini.

Mwalimu wa Awali: Simba abaki. Asubuhi kibanda hakina chenji, si ndiyo? Juma atumwe na hiyo noti kwa jirani kuichenji. Arudi na noti ya elfu na sarafu kumi za mia, azipange juu ya meza: mia moja, mia mbili, hadi elfu. Ukurasa wa sita ndiyo aje mteja wa pipi na 500 yake. Mchoro mpya ni mmoja, sarafu duara tupu. Ila neno "chenji" lirudie kila ukurasa, maana hiyo "nj" wanaoanza inawakwaza.

Bi Tandale: Jirani naye akisema hana?

Karanga Mbichi: Hilo nalo. Sarafu kumi anachora mara moja. Ngoja mtoto alale nimuulize.