Kodi ya kutoa faida hulipwa kabla au baada? Naomba ushauri wa haraka

Mama_Alizeti (Nkuhungu): Wakuu habari za leo. Kuna dada alinitumia ujumbe WhatsApp: "Neema, ile nyumba ya Singida bado ipo?" Nikamjibu amekosea namba. Akaomba radhi, tukazoeana, hajawahi kuniomba hata mia. Baadaye akanionyesha anavyofanya biashara ya USDT, zile dola za kidijitali. Sasa nataka kutoa hela zangu, wanasema nilipe kodi kwanza. Ni kawaida?

Mtemi_wa_Ugogo: Wahi kupiga huduma kwa wateja wazuie muamala. Namba ya tapeli itume 15040.

Salio_Sifuri: Mkuu, hiyo 15040 ni sawa, ila wewe unajibu utapeli wa SMS za "ile hela tuma kwenye namba hii". USDT ikishaondoka, mtandao wa simu hauwezi kuirudisha. Mama, umeweka kiasi gani?

Mama_Alizeti: Kiasi si hoja. Nilianza na laki moja, nikatoa 120,000 ikaingia kwenye simu. Matapeli wangenilipa?

Salio_Sifuri: Ndiyo, wangekulipa. Ile 20,000 ya juu ni chambo. Baada ya hapo uliongeza ngapi?

Mama_Alizeti: 3,500,000. Salio linasoma 9,400,000. Kodi ni asilimia 15, yaani 1,410,000. Mkopo wa SACCOS umeshapita, kesho nasaini.

Kibaigwa_Boy: Uzi wa kutunga huu 😂 Tovuti za hivyo husoma dola, yeye anatuletea shilingi. Anatafuta wachangiaji.

Mama_Alizeti: Kuna kitufe cha kuchagua sarafu. Nitunge ili iweje?

Salio_Sifuri: Kitufe kinaweza kuwepo. Tovuti ni yao, wanaandika tarakimu yoyote na sarafu yoyote. Hata kama katunga, wapo wanaosoma hapa wakiwa na salio kama hilo. Mama, waambie wakate hiyo 1,410,000 humo humo kwenye 9,400,000, wakutumie 7,990,000. Watasema mfumo hauruhusu, kwa sababu hakuna hela ya kukata. Kodi ya TRA unalipa kwa kontroo namba, hutumi USDT kwenye anwani ya mtu. Ukilipa hii, itafuata ada ya uhakiki, halafu akaunti "itagandishwa".

Mwl_Kisasa: Tamaa hiyo dada. Wazee walishasema.

Salio_Sifuri: Anwani uliyotumia inaanza na T? Ibandike tronscan.org. Ukiona hela yako iliingia na kuhamishwa muda mfupi baadaye, ina maana haikukaa kwenye "akaunti" yako. Ila hata masoko halali huhamisha amana za wateja, kwa hiyo hilo peke yake si ushahidi. Jaribio la kukata kodi ndilo litakalokuonyesha. Usifute mazungumzo, polisi watayahitaji. Na atakayekufuata inboksi akidai anarudisha USDT kwa malipo, mpige bloku.

Mama_Alizeti: Nimemwambia akate. Anasema mfumo hauruhusu, ila yeye atanichangia nusu ya kodi. Angekuwa tapeli angetoa hela yake?

Salio_Sifuri: Hiyo nusu umeiona wapi, kwenye simu yako au kwenye tovuti yao?

Kibaigwa_Boy: Ajibu hilo kwanza.

Mama_Alizeti: Kwenye tovuti. Lakini imeingia.