PWM kwa VHDL, duti ikibadilishwa katikati ya mzunguko: tupeane uzoefu

MtotoWaNjiro: Wadau, leo nimeona dogo mmoja hapa Arusha anahangaika na servo inarukaruka nikakumbuka mbali. Walioandika PWM ya kaunta na komparata kwenye FPGA, ni wapi ilikutesa?

Fundi_Kibosho: Hiyo ya servo naijua hadi kesho. Tulirithi kodi ya kundi lililotangulia, klok imegawanywa hadi kaunta inapanda kila maikrosekunde, 0 hadi 19999, yaani milisekunde 20. Kaunta ikiwa sifuri pini inawaka, kaunta ikilingana na duti pini inazima. Simulesheni safi kabisa. Ukiweka kwenye bodi na kuzungusha kitasa, mara moja moja servo inashtuka kama imeumwa na siafu halafu inatulia, wengine wakasema ni pawa saplai, tukabadili pawa saplai, wapi! Tukaazima osiloskopu. Kuna palsi moja inatokea ya milisekunde 21 na ushee, wakati servo inategemea 1 hadi 2.

Kumbe duti ilikuwa 1600, kaunta imefika 1500, kitasa kikashusha duti hadi 1400. 1400 imeshapita na 1600 haipo tena, basi hakuna wa kuizima. Pini inabaki juu mzunguko mzima, inavuka hadi unaofuata, inakuja kuzimika kwenye 1400 ya pili. Simulesheni haikuonyesha kwa sababu testibenchi ilibadili duti kaunta ikiwa sifuri tu.

neema_saketi: Duh, ya 21 hiyo hata mimi nimewahi kuiona.

KakaSoweto: Dawa rahisi, acha `=` tumia `<`. Kwisha habari.

Mama_Komparata: Nusu tu, mdogo wangu. Kwa `<` palsi haiwezi kukwama juu, hapo uko sawa. Sasa geuza mfano wa Kibosho: duti 1400, pini imeshazima, kaunta iko 1500, duti inapanda 1600. Pini inawaka tena hadi 1600. Palsi mbili ndani ya mzunguko mmoja. Duti mpya isubiri kwenye rejista, iingie kaunta inaporudi sifuri. Hii ni ya biti 8:

```vhdl
if rising_edge(clk) then
  if cnt = 254 then
    cnt <= (others => '0');
    duty_r <= duty;
  else
    cnt <= cnt + 1;
  end if;
  if cnt < duty_r then
    pwm <= '1';
  else
    pwm <= '0';
  end if;
end if;
```

KakaSoweto: Palsi mbili kwa mota ya kawaida nani atajua? Unatumia rejista nzima kwa ajili ya urembo. Na hiyo 254 ni kosa, biti 8 mwisho 255.

Mama_Komparata: 254 ni makusudi. Ukihesabu hadi 255 una hatua 256, duti ya juu kabisa ni 255, kwa hiyo kuna hatua moja pini itazima daima, hufiki asilimia mia hata uweke nini. Ukiishia 254, duti 255 inawaka moja kwa moja na 0 inazima moja kwa moja. Jaribu kwa taa ya LED, weka osiloskopu, uone kile kijino.

bajaj_ya_usiku: Mnanikumbusha chaja ya sola nyumbani inapiga kelele usiku, hiyo nayo ni duti?

neema_saketi: Kaka hiyo fungua uzi wako 😂

MajengoMoshi: Nyie servo tu, mimi nimeona MOSFET inapasuka. Jamaa alichukua klok ya MHz 50 moja kwa moja kwenye kaunta hiyohiyo ya hatua 255, hiyo ni kama kHz 196, akapeleka pini ya volti 3.3 kwenye geti ya IRFZ44N, mota ya volti 12 imefungwa. Duti ndogo iko poa, akapandisha nusu, harufu, kisha paa! kipande kikaruka juu ya meza, dada mmoja akakimbia na viatu mkononi.

Fundi_Kibosho: 3.3 haifungui geti hiyo sawasawa, inataka kama 10. Inabaki nusu wazi, inapika.

KakaSoweto: Tatizo frikwensi. Gawa klok, basi.

Mama_Komparata: Vyote viwili. Ila usitengeneze klok mpya kwa kaunta halafu uweke `rising_edge` juu yake, weka `en` inayowaka mara moja kila klok 10, kaunta ipande hapo tu. Unapata kama kHz 19.6. Na geti itafutie draiva.

KakaSoweto: Mimi nimegawa klok hivyo miaka yote na haijawahi kunisumbua.

MajengoMoshi: Draiva bei gani hapa Moshi? Mimi nang'oa kwenye ubao wa UPS mbovu.

MtotoWaNjiro: Dogo amebadili testibenchi, duti inaruka kaunta ikiwa 1500. Palsi ndefu imetokea hapohapo kwenye skrini. Anauliza, kama duti inatoka kwenye ADC yenye klok yake, rejista moja inatosha?

Fundi_Kibosho: Hapo sasa, Mama K njoo.