Ramani ya maneno na kurasa: mstari kwa kila ukurasa, au mstari kwa kila neno?

mjenzi_kurasa
Wakuu, heshima kwenu. Wiki hii naanza kupanga upya tovuti ya mambo ya baiskeli. Nataka kila ukurasa uwe na neno moja kuu la utafutaji, maana sasa hivi kurasa zinagombania maneno yaleyale. Nimeona watu wanapanga lahajedwali kwa njia mbili. Wengine kila ukurasa wanaupa mstari wake, kisha kolamu ya neno kuu na kolamu ya maneno madogo. Wengine kila neno ndilo lina mstari wake, na pembeni wanaandika ukurasa unaolihudumia. Ipi nichague? Nikishaanza kujaza sitaki kubomoa.

karani_wa_seli
Mkuu, hujatupa cha kushika. Kurasa ni ngapi? Tovuti iko hewani na ina data ya Search Console, au ndiyo inajengwa? Na hilo lahajedwali utaligusa peke yako au mko wengi?

Tumaini2
Mbona kazi ya bure hiyo? Ramani inatengenezwa na tovuti yenyewe, iko kwenye sitemap.xml. Ukishaiwasilisha Google umemaliza.

karani_wa_seli
@Tumaini2 hiyo ni ramani nyingine kabisa. sitemap.xml inaorodhesha anwani tu, haisemi ukurasa upi unalenga neno gani. Ila mleta mada asiipuuze, orodha yake ya kurasa ataipata humo badala ya kuzikusanya mojamoja.

mjenzi_kurasa
Samahani wakuu. Kurasa ni kama 85, nusu makala za ufundi, nusu kategoria za vipuri. Iko hewani muda mrefu na Search Console ina data. Tutakuwa watatu tunaojaza.

Bwana_Vlookup
Kurasa 85 ni chache, usijitese. Mstari mmoja kwa kila ukurasa. Kolamu A weka URL, B neno kuu, C maneno madogo ukiyatenganisha kwa mkato. Neno kuu ni lile lenye maonyesho mengi kwenye Search Console. Neno likijirudia kwenye B, lipake rangi nyekundu ulifute upande mmoja, maana Google ikikuta kurasa mbili za neno moja inakupa adhabu.

karani_wa_seli
Hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha, Bwana.

Adhabu hakuna. Kinachotokea ni kwamba Google inachagua yenyewe ukurasa wa kuonyesha, na mara nyingi si ule ulioutaka wewe. Leo huu, wiki ijayo ule, na linki zako za ndani zinakuwa zimegawanyika kati ya kurasa mbili.

Kuhusu maonyesho mengi, angalia na nafasi. Neno linaweza kuwa na maonyesho kibao wakati ukurasa uko nafasi ya 45, kwa sababu tu unaligusia kwenye aya moja. Ukilifanya kuu, umeukabidhi ukurasa kazi isiyo yake.

Sasa swali lenyewe. Maneno madogo yaliyorundikwa kwenye seli moja kwa mkato ndiyo yanaficha mgongano. Neno kuu la ukurasa wa kwanza linaweza kuwa limejificha kwenye kolamu C ya ukurasa wa pili, na kuhesabu marudio kwenye B hakutaliona kamwe. Ukiweka mstari kwa kila neno, hilo linaonekana mara moja, kwa kuwa kila neno linatakiwa kutokea mara moja tu katika shiti nzima. Lakini njia hiyo nayo ina upofu wake: ukurasa usio na neno hata moja hauonekani popote, na ukurasa wenye maneno makuu mawili unapita bila kelele.

Kwa hiyo kwa watu watatu fanyeni shiti mbili. Ya kwanza iite `maneno`: A ni neno, B ni URL, C ni daraja, yaani "kuu" au "dogo". D ihesabu marudio:

```
=COUNTIF(A:A,A2)
```

Ya pili iite `kurasa`. A ni URL zote kutoka kwenye sitemap, B hii hapa:

```
=COUNTIFS(maneno!B:B,A2,maneno!C:C,"kuu")
```

Kolamu zote mbili za hesabu lazima zisome 1. Kwenye `kurasa`, 0 maana yake ukurasa hauna kazi, 2 maana yake umebeba kazi mbili. Mnajaza shiti ya `maneno` peke yake, ile nyingine ni ya kukagua. Kama Google Sheets yako imewekwa kwa nchi inayotumia mkato kwenye desimali, badala ya mkato kati ya vipande vya fomula weka nukta mkato, la sivyo itagoma.

Bwana_Vlookup
Shiti mbili kwa kurasa 85 ni mbwembwe. Lakini sawa, nakubali kwamba kolamu C yangu inaficha. Ukitaka bado uone maneno madogo kando ya ukurasa, vuta hivi:

```
=IFERROR(TEXTJOIN(", ",TRUE,FILTER(maneno!A:A,(maneno!B:B=A2)*(maneno!C:C="dogo"))),"")
```

Wenye Excel 2019 kurudi nyuma msihangaike nayo, FILTER haimo.

Mhariri_Z
Kabla hajaanza, aambiwe habari ya URL, maana hapo ndipo mpango wa karani unapovunjikia. Kuna tovuti moja ilikuwa na mpangilio huohuo wa shiti mbili na waandishi kadhaa. Mmoja alikuwa anabandika anwani nzima pamoja na https:// na www, mwingine anaandika njia tu kuanzia kwenye alama ya mkwaju /, wa tatu anasahau mkwaju wa mwisho. Kwa jicho la mtu ni ukurasa mmoja. Kwa COUNTIFS ni vitu vitatu tofauti. Shiti ya `kurasa` ikawa inaonyesha 0 kwenye kurasa ambazo tayari zilikuwa na neno kuu, waandishi wakaamini mada hizo hazijaguswa, wakaandika makala mpya. Ramani iliyowekwa kuzuia kurasa pacha ikawa ndiyo inayozizalisha. Iligundulika pale mtu alipopanga URL kwa alfabeti akaona /breki na /breki/ zimefuatana.

Na kurekebisha haikuwa suala la kufuta mkwaju tu. Makala mpya zilikuwa zimeshaanza kupata linki na watembeleaji, ikabidi kila jozi iamuliwe peke yake: ukurasa upi ubaki, kipi kihamishwe kutoka kwenye ule mwingine, kisha elekezo la kudumu la 301, kisha linki za ndani zote zibadilishwe zielekee moja kwa moja pasipo kupitia 301.

Kinga yake ni rahisi. Amueni muundo mmoja, njia tu bila jina la tovuti, mkwaju wa mwisho kama tovuti inavyoutumia. Halafu kwenye kolamu B ya `maneno` wekeni Data validation inayochota kutoka `kurasa!A2:A`, na chagueni kukataa kisichomo, si kuonya tu. Mtu achague, asiandike. Kubandika kwa Ctrl+V ya kawaida kunaweza kuondoa kanuni hiyo, tumieni Ctrl+Shift+V.

karani_wa_seli
Naongeza hapo hapo: maneno yaliyonakiliwa kutoka kurasa za wavuti huja na nafasi tupu ambayo TRIM haiioni. Hii inaisafisha:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(LOWER(A2),CHAR(160)," "))
```

Ni kwa maneno tu. LOWER usiitumie kwenye URL, njia yenye herufi kubwa inaweza kuwa ukurasa tofauti.

mjenzi_kurasa
Nimeanza na nimekwama mapema. Faili la Search Console lina orodha ya maneno na orodha ya kurasa, lakini haliniambii neno lipi ni la ukurasa upi. Halafu nimebofya neno "mnyororo wa baiskeli unaruka", juu linasoma maonyesho 2,600. Nikienda PAGES nakuta /mnyororo-unaruka/ maonyesho 2,100 nafasi 6, na /kubadilisha-mnyororo/ 1,900 nafasi 9. Jumla 4,000. Hesabu gani hii?

karani_wa_seli
Hesabu ni sahihi, ni namna mbili za kuhesabu. Juu inahesabu tovuti: kurasa zako mbili zikitokea kwenye utafutaji mmoja, ni onyesho moja. Kwenye PAGES kila ukurasa unahesabiwa lake. Kama ni hizo mbili tu, tofauti ya 1,400 ndiyo mara zilizotokea pamoja. Kwa hiyo kwako si kupokezana, zaidi zinakaa pamoja kwenye matokeo yaleyale.

Kuhusu faili, skrini haitoi jozi na inaishia mistari 1,000. Jozi za neno na ukurasa unazipata kwa API au kwa kuunganisha Looker Studio. Kwa kurasa 85 hata kubofya kila ukurasa na kutazama QUERIES kunawezekana, ila kunachosha.

Bwana_Vlookup
Mbona rahisi, weka canonical kutoka ya pili kwenda ya kwanza, yameisha.

Mhariri_Z
Hapana. Canonical ni ya kurasa zenye maudhui yaleyale au karibu sawa, tena Google huichukulia kama dokezo, inaweza kuikataa. Na ikikubali, huo ukurasa wa kubadilisha mnyororo unapoteza hata maneno yake halali.

Kwanza jua kama maneno mawili yanataka ukurasa mmoja. Fungua dirisha la faragha, tafuta "mnyororo wa baiskeli unaruka", nakili matokeo 10 ya kwanza. Fanya vivyo hivyo kwa "kubadilisha mnyororo wa baiskeli". Hesabu URL zinazofanana.

mjenzi_kurasa
Zinafanana mbili kati ya kumi.

karani_wa_seli
Basi ni kurasa mbili. Anayesema unaruka anatafuta chanzo: gia za nyuma zimelika, pingili imekaza, waya wa gia umelegea. Anayesema kubadilisha ameshaamua. Fungua huo ukurasa wa kubadilisha, nina hakika una kichwa kidogo cha kuruka chenye aya kadhaa. Kipunguze kiwe sentensi mbili na linki yenye maandishi "mnyororo unaruka" kwenda kwenye ukurasa wake. Kwenye ramani neno hilo liandikwe "kuu" kwa /mnyororo-unaruka/ na lisiandikwe popote pengine. Weka na kolamu ya tarehe ya badiliko, ili baadaye uweze kulinganisha vipindi viwili.

Mhariri_Z
Kwa mbili nakubali. Kwangu zikifika tatu naunganisha.

karani_wa_seli
Tatu ni chache mno. Tovuti kubwa mbili tatu huwa zinatokea kwenye kila kitu, ukizitoa unabaki na moja. Mimi nataka nusu, na ziwe kurasa za aina moja.

Mhariri_Z
Ukisubiri nusu utakuwa na kurasa 30 zinazosema jambo moja.

Tumaini2
Sasa wanaoandika "cheni inaruka" nao wapewe ukurasa wao?

karani_wa_seli
Hapana, huyo ni mtu yuleyule. URL ni ileile, "cheni" iwe dogo au kuu kulingana na ipi inaleta mibofyo zaidi, na yote mawili yatajwe kwenye maandishi.

mjenzi_kurasa
Asanteni, shiti mbili ndiyo naenda nazo. Swali jingine: kategoria ya minyororo ninayouza na makala ya "mnyororo upi unafaa baiskeli yangu" zote zinatokea kwa neno "mnyororo wa baiskeli". Nani apewe?

Bwana_Vlookup
Kategoria. Ndiyo inayouza.

Mhariri_Z
Inategemea matokeo ya kwanza yamejaa maduka au makala. Yakiwa nusu kwa nusu, hapo sina jibu la haraka. Weka picha ya matokeo tuione.