Bonasi, skrip ama pesa mkononi: hisa zikiongezeka umepata nini hasa?

mwana_likoni
Asalaam aleikum wanajamvi. Nina suala la mamangu naomba tulinganishe pamoja. Ana hisa 2,000 za kampuni moja hapo soko la hisa la Nairobi, NSE, na imemjia barua na fomu, gawio ni shilingi 1 kwa kila hisa, anaulizwa ataka pesa ama ataka hisa mpya kwa bei ya 20. Kishapo kampuni nyengine aliyonunua zamani imetangaza bonasi, hisa moja mpya kwa kila nne ulizo nazo. Kakangu yeye yuwasema kila ukipewa hisa chukua hisa, pesa huliwa zikaisha lakini hisa huzaana. Mama naye amefurahi ile bonasi ashaanza kuipigia hesabu, ana 2,000 bei ni 24, basi zikiwa 2,500 mara 24 ni elfu sitini. Mimi hapo ndo nikasita. Hizo elfu kumi na mbili zatoka wapi na ni nani amezilipa?

baharia_majengo
Kakako asema kweli kabisa. Bonasi ni bure, hutoi hata senti. Mzee wangu alikuwa na hisa 1,000 za Kenya Re, 2019 wakatoa tatu kwa kila moja akawa na 4,000, 2024 wakatoa tena moja kwa kila moja, sasa ana 8,000 na hakuongeza pesa yoyote. Usimwachie mama achukue vijisenti, mwambie achukue hisa alale.

mhasibu_kizingo
Waaleikum salaam mwana_likoni. Suala lako la "nani amezilipa" ndilo suala lenyewe, na jibu ni kwamba hakuna aliyelipa kwa hivo hazipo.

Bonasi ni jambo la vitabu. Kampuni ina faida za miaka ya nyuma ambazo haikuzigawa, zimekaa kwenye akiba. Wakurugenzi wakishapata idhini ya wanahisa huzitoa kwenye mstari wa akiba wakaziandika kwenye mstari wa mtaji, basi. Benki haijaingia shilingi wala haijatoka, mashine ni zile zile, wateja ni wale wale, deni ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi ya vipande. Ni kama una ploti Mtwapa imegawanywa hati nne, ukaenda ukaigawanya upya hati tano. Hati zimeongezeka, mchanga ni ule ule.

Sasa hesabu ya mama. Tuseme hiyo kampuni ina hisa milioni 400 na bei ni 24, yaani soko laithamini bilioni 9.6. Baada ya bonasi hisa zitakuwa milioni 500 na thamani bado ni hiyo bilioni 9.6 kwa sababu hakuna kilichoingia, ukigawanya wapata 19.20. Mama ana 2,500 mara 19.20 ni 48,000, na kabla yake alikuwa na 2,000 mara 24 ambayo ni 48,000 vilevile. Ile elfu sitini ilitoka kwa kuhesabu hisa mpya kwa bei ya zamani, na bei ya zamani ilikuwa ya kampuni yenye vipande vichache.

Angalia pia sehemu yake ya kampuni. Elfu mbili kwa milioni 400, ama elfu mbili mia tano kwa milioni 500, ni sehemu ile ile moja. Kila mwanahisa ameongezewa kwa kipimo kimoja kwa hivo hakuna aliyempita mwenzake.

@baharia_majengo mzee wako kuwa na 8,000 ni kweli, lakini usihesabu vipande. Chukua 1,000 za kabla ya 2019 mara bei ya wakati ule, halafu 8,000 mara bei ya leo, ongeza na magawio aliyopokea katikati. Hapo ndo utajua amepanda ama ameshuka, na ikiwa amepanda ni biashara imempandisha, si bonasi.

dada_wa_bamburi
Afadhali mmeleta hii mada maana mimi nilitaka kuzimia. Kuna kampuni nilinunua kupitia apu, wakatoa moja kwa kila moja, siku moja nimeamka naona apu yote nyekundu yaniambia nina hasara karibu nusu! Nikapiga simu kwa broka naambiwa subiri. Nilikuwa karibu niuze zote niokoe kilichobaki, jamani hii ni kawaida?

mhasibu_kizingo
Dadangu ni kawaida na bora hukuuza. Hapo mambo mawili yapishana. Bei hushuka siku ile hisa zinapoanza kuuzwa bila haki ya bonasi, lakini zile hisa mpya huingia kwenye akaunti ya CDS, ile inayotunza hisa zako, baadaye, zaweza kuchukua wiki kadhaa. Katikati hapo waona bei ya kipande kipya mara idadi ya zamani, lazima ionekane umepoteza.

La pili, hata hisa zikishaingia apu nyingi hubakisha bei yako ya kununulia ile ya zamani. Irekebishe mwenyewe. Kama ulilipa 30,000 kwa hisa 1,000 na sasa una 2,000, bei yako ya kununulia ni 15, si 30. Ukilinganisha bei ya leo na 30 utajiona umeumia milele, na yule anayelinganisha idadi mpya na bei ya zamani atajiona tajiri. Wote wawili wamechanganya kabla na baada.

Hisa zikichelewa sana itisha stetimenti ya CDS na uwaulize rejista wa kampuni, wale wanaoshika daftari la wanahisa. Angalia kama ulikuwa kwenye daftari siku lilipofungwa, maana hapa ununuzi huchukua siku tatu za kazi kukamilika, ukinunua jana yake huhesabiwi.

baharia_majengo
Sawa hesabu nimeiona lakini mwaacha kitu. Kampuni ikitoa gawio la shilingi 1 mwaka huu na mwakani baada ya bonasi itoe shilingi 1 tena, mama atapokea 2,500 badala ya 2,000. Hiyo ni pesa ya kushikika, wawezaje kusema hakupata kitu? Na bei huwa haishuki sawasawa na hiyo hesabu, nimeona mara nyingine yabaki juu.

mhasibu_kizingo
Hapo una hoja na siikatai, ila itenganishe. Wakiweka shilingi 1 kwa vipande vingi zaidi maana yake jumla ya gawio imepanda kutoka milioni 400 hadi milioni 500. Hiyo ni nyongeza ya gawio, na wangeweza kumpa mama ile ile bila bonasi yoyote kwa kutoa 1.25 kwa hisa zake 2,000. Nyongeza yatoka kwenye faida, ikiwa faida haijakua haitadumu. Nimeona kampuni zikitoa bonasi kisha gawio la kila hisa likapunguzwa na watu wakalia wameibiwa, kumbe ukizidisha ni pesa ile ile waliyopata mwaka jana. Kwa hivo soma jumla ya gawio kwenye ripoti, usisome senti za kila hisa peke yake.

Na bei kutoshuka kamili hutokea, soko huenda lasoma bonasi kama dalili kwamba wakurugenzi wana imani na faida ijayo. Siku hiyo hiyo lakini kuna habari nyengine kumi zinazosukuma bei, huwezi kusema zote ni bonasi.

mama_kongowea
Wanangu mimi pia nilipata barua kama hiyo, yasema nilipe shilingi 8 kwa kila hisa mpya kabla ya tarehe fulani. Hii bonasi gani ya kulipia? Niachane nayo?

mhasibu_kizingo
Shikamoo mama. Hiyo si bonasi, hizo ni hisa za haki, kampuni yataka pesa mpya kutoka kwenu. Usiiache tu ikalala droo, maana bei ya huko kwa kawaida huwa chini ya soko na asiyenunua, sehemu yake ya kampuni hupungua. Kama huna pesa uliza broka kama haki yako yaweza kuuzwa, na fanya hivo kabla ya tarehe.

mwana_likoni
Shukran sana. Bonasi nimefahamu, mama pia nimemuonyesha kwa kikokotoo ameguna tu. Sasa ile fomu? Pesa ama hisa kwa 20?

mhasibu_kizingo
Hiyo fomu ya pesa ama hisa ndiyo skrip, nayo ni tofauti kidogo kwa sababu kuna kuchagua, na wenzake mama huenda wakachagua vyengine.

Tuseme na hii kampuni ina hisa milioni 400, na bei baada ya kutoa gawio ni 20. Akichukua pesa ni 2,000, kodi ya zuio asilimia 5 kwa mkaazi yatolewa hapo, mkononi 1,900. Akichukua hisa kwa 20 apata 100. Kodi niweke kando kwanza ili mwendo uonekane: wa pesa ana hisa za 40,000 na taslimu 2,000, wa hisa ana 2,100 za 42,000. Sawa kabisa. Wa hisa amefanya ni kama amepokea gawio akanunua hisa papo hapo, faida yake ni kwamba hakulipa kamisheni ya broka.

Mambo hubadilika bei ya fomu ikiwa chini ya soko. Nafanya kubwa muione: fomu yasema 16 na soko ni 20. Nusu ya wanahisa wachukua hisa, nusu pesa. Zatolewa hisa mpya milioni 12.5, kampuni yabaki na milioni 200 ambazo ingezilipa, bei yatulia kama 19.88. Aliyechukua hisa ana 2,125 za karibu 42,240. Aliyechukua pesa ana karibu 41,760 pamoja na taslimu yake. Ile 240 ya mmoja imetoka mfukoni mwa mwengine, kampuni haikutengeneza kitu. Na wote wakichukua hisa kwa 16? Bei yashuka hadi kama 19.76, mara 2,125 ni 42,000 ile ile. Ikawa bonasi tu kwa jina jengine.

Kwa hivo mama alinganishe 20 ya fomu na bei ya soko siku anapojaza. Soko likiwa 17 basi hisa za 20 ni ghali, heri achukue pesa anunue mwenyewe akitaka.

baharia_majengo
Mimi nasema kampuni inayokupa karatasi badala ya pesa haina pesa. Huo ndio ukweli wake.

mhasibu_kizingo
Mara nyengine ndiyo. Mara nyengine ni benki yataka kukuza mtaji, na hiyo si ugonjwa. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha uone kama shughuli zenyewe zaingiza pesa taslimu za kutosha gawio. Faida ikiwa kubwa na pesa taslimu hazionekani miaka mitatu mfululizo, hapo nakuunga mkono.

baharia_majengo
Bado sijakubali lakini hiyo taarifa ntaitafuta.

mwana_likoni
Soko leo jioni lilifunga 18.50. Mama ataka pesa, kuna karo ya mjukuu. Asiporudisha fomu je?

mhasibu_kizingo
Soma chini ya fomu, huwa wameandika asiyejibu atapewa nini. Nyingi ni pesa, lakini si zote. Ajaze tu apeleke, na ahakikishe namba yake ya M-Pesa ama ya benki kwa rejista ni ya sasa.