Laptopu inakwama kwama: niongeze pagefile, RAM au SSD?

sangara_junior: Wakuu habari za Mwanza, laptopu yangu inakwama kila sekunde chache, nikifungua Chrome na FL Studio ndo balaa. Hela ninayo ya kitu kimoja tu, nichukue kipi?

Ngosha_Igoma: Usinunue kitu dogo. Weka pagefile, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa, mara moja na nusu ya RAM, una 4 weka 6144 MB, itapaa.

fundi_buzuruga: Ngosha umejuaje ana 4? Dogo, RAM ngapi, diski ya kuzunguka au SSD, na ina sloti ngapi? Ikiwa inakwama fungua `resmon` uangalie Hard Faults/sec, halafu Task Manager, Memory, pale Committed.

sangara_junior: Samahani kaka. RAM 4, HDD 500. Committed 5.6/5.9, Hard Faults zinapanda mpaka mia tatu na diski iko 100%. Sloti sijui.

mama_steshenari: Mie msinikumbushe hiyo pagefile. Kijana mmoja alikuja dukani kwangu Nyegezi akaniambia nikiizima kabisa, kompyuta itakuwa nyepesi, nami nikakubali, na kweli asubuhi ikawa nyepesi. Mchana nikawa natengeneza ripoti ya mwanachuo, Word iko wazi, skana iko wazi, mara ujumbe wa memori imeisha, Word ikajifunga na kurasa kumi na moja zikaenda. RAM ilikuwa hiyo hiyo 4! Nililipa chai na maandazi ya kumpoza yule mtoto.

fundi_buzuruga: Pole mama, ulijikatia dari mwenyewe. Hiyo 5.9 ya dogo ni RAM pamoja na pagefile, inaonekana kuna mtu aliifunga kwenye 2048. Ukifika hapo programu zinaanza kujifunga. Kwa hiyo nenda `sysdm.cpl`, Advanced, Settings ya Performance, Advanced tena, Change, rudisha System managed size, ni bure. Ila kukwama hakutaisha, maana pagefile kubwa ni ghala kubwa tu na mlango ni ule ule: HDD inachukua vipande vilivyotawanyika kama mia hivi kwa sekunde, Windows inadai mia tatu, lazima usubiri.

Ngosha_Igoma: Mimi kwangu ilipaa lakini.

fundi_buzuruga: Una SSD au huna?

Ngosha_Igoma: Ninayo. Sasa?

fundi_buzuruga: 😂😂

kirumba_beats: SSD ndogo ukiiwekea pagefile inakufa mapema, mi ningeongeza RAM.

fundi_buzuruga: Itakufa laptopu kwanza. RAM nayo nzuri, tena kwa FL ndo dawa yenyewe, lakini kama sloti ni moja unatoa ile 4 unaweka 8, na kuna DDR3L na DDR4, haziingiliani. Fungua mfuniko uone.

dada_wa_capripoint: Na simu yangu ya 4GB, ile RAM ya kuongeza kwenye setingi nayo ni hivyo hivyo?

Ngosha_Igoma: Hiyo iko poa, mimi nimeweka zote.

sangara_junior: Kaka fundi, skrubu mbili zimeliwa vichwa, mfuniko hautoki. Uko Buzuruga sehemu gani?