Stopu imeguswa: kuingia tena, au wazo limekufa?

Mgeni wa Soko (Jinja): EURUSD, chati ya H1. Bei ilipanda kutoka 1.0780 hadi 1.0870, ikaanza kurudi. Nikanunua loti 0.10 kwa 1.0822, SL 1.0807, TP 1.0867. Utambi ukashuka hadi 1.0803 ukanitoa, kisha mshumaa ukafunga 1.0816. Niingie tena au niachane nalo?

Mzee wa Mbale: Achana nalo. Ile 1.0807 uliichagua akili ikiwa imetulia. Sasa unafikiri ukiwa na uchungu wa dola 15, na anayerudi papo hapo hatafuti tena bei ipande, anatafuta dola zake 15. Funga chati hadi kesho.

Dada Mishumaa (Kampala): Mzee, kwa uchungu niko nawe. Ila tujiulize 1.0807 ilikuwa inalinda nini. Wazo lake ni kwamba bei iliyotoka 1.0780 itajikita mahali fulani juu ya hapo, kisha iendelee kupanda. Wazo hilo linavunjika mshumaa wa H1 ukifunga chini ya 1.0780. Pale 1.0807 palikuwa mahali nafuu pa kuweka SL, basi. Kilichokosewa ni wakati wa kuingia.

Hata hivyo, ndugu yangu wa Jinja, usibonyeze Buy sasa. Subiri mshumaa wa M15 ufunge juu ya 1.0822, yaani wanunuzi warudishe kiwango walichopokonywa. Tuseme unaingia 1.0826. SL iende 1.0800, chini kidogo ya ule utambi, kwa sababu bei ikirudi kuuvuka, waliouzuia pale hawapo tena. Hiyo ni pipsi 26, kwa hiyo loti inashuka hadi 0.05, na hatari inakuwa dola 13. Ukitolewa hapo, hakuna mara ya tatu.

Kijana wa Arua: Si heri aingie na loti 0.20 arudishe hasara haraka? Au SL angeisogeza chini kabla haijaguswa.

Dada Mishumaa: Mdogo wangu, hilo ni swali jingine. Kwa pipsi 26, loti 0.20 inahatarisha dola 52 kufuata hasara ya 15. Na kusogeza SL bei ikiikaribia ni kufuta kipimo katikati ya kazi. Kuingia tena ni oda mpya, yenye sababu mpya na loti iliyopigiwa hesabu upya.

Mpiga Hesabu (Mbarara): Tuhesabu hiyo oda mpya. Kutoka 1.0826 hadi 1.0867 ni pipsi 41, dola 20.50 kwa loti 0.05. Toa 15 zilizokwenda, inabaki faida ya 5.50. Ikishindikana, jumla umepoteza 28. Oda ya kwanza ilihitaji kufaulu mara 1 kati ya 4 ili isile mtaji. Hii ya pili, ukiitazama peke yake, inahitaji karibu mara 4 kati ya 10. Mtu asiyeandika kando matokeo ya oda zake za kurudia hawezi kujua kama anazifikia.

Dada Mishumaa: Zile 15 zimeshakwenda, aingie asiingie. Oda ya pili ipimwe kwa 13 dhidi ya 20.50.

Mpiga Hesabu: Kwa oda moja, sawa. Kwa mpango wa miezi sita, hapana. Kama kurudia ni sehemu ya mpango, kila wazo lina bei ya oda mbili. Mwenye kuruhusu hasara ya asilimia 1 kwa wazo aigawe nusu kwa nusu tangu mwanzo.

Fundi Spredi (Gulu): Angalia pia saa uliyotolewa. New York ikifunga siku, kwetu huwa saa sita usiku, au saa saba kule wakiwa kwenye majira ya baridi, na spredi hutanuka. Aliyeuza hufungwa kwa bei ya Ask, lakini chati kwa kawaida huonyesha Bid, kwa hiyo anaweza kutolewa bila mshumaa kugusa SL yake. Hapo hakuna muuzaji wala mnunuzi aliyekukatalia wazo.

Mzee wa Mbale: Binti yangu, nijibu hili moja. Kama wazo linavunjika 1.0780, kwa nini SL haikuwekwa 1.0777 kwa loti ndogo? Pipsi 45 za hatari kwa pipsi 45 za faida. Kwa hesabu hiyo asingeingia kabisa. Ile SL ya karibu ndiyo iliyoipamba oda.

Dada Mishumaa: Hapo umenishika, Mzee, kwa bei ya 1.0822. Angengoja ishuke hadi karibu 1.0805, hesabu ingekuwa nyingine. Lakini bado sikubali kwamba utambi wa pipsi 4 chini ya SL umelivunja wazo.

Mgeni wa Soko: M15 imefunga 1.0819.

Dada Mishumaa: Haijafika. Usiguse kitu.

Mzee wa Mbale: Hata ikifika, mimi siingii.